Idara mbili zinaunganishwa: tangazo liandikweje?

*Mshauri, mimi ni ofisa utumishi katika kampuni binafsi ya usambazaji hapa Dar es Salaam. Uongozi unataka Idara ya Ununuzi (watu 7) na Idara ya Ghala (watu 11) ziwe Idara moja ya Ugavi. Kila idara ina mkuu wake na karani wake wa takwimu. Nafasi hizo zitabaki moja moja. Nimepewa tangazo la kubandika ubaoni: “Kuanzia tarehe 1 mwezi ujao idara hizi zimeunganishwa. Watakaoathirika watajulishwa.” Moyo unasita. Nifanyeje?*

Ndugu yangu, usilibandike.

Kosa kubwa liko kwenye neno “zimeunganishwa”. Ikiwa muungano huu unaweza kumwondoa mtu kazini, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwa Tanzania Bara, kinamtaka mwajiri atoe notisi ya kusudio mapema, mara tu anapolifikiria jambo hilo. Kisha atoe taarifa zote husika na ajadiliane na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa hapo kazini, au na wafanyakazi wenyewe wasio na chama. Yanayojadiliwa ni sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuchagua, muda na malipo. Huwezi kujadiliana na mtu juu ya jambo ulilokwisha kulimaliza. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, karatasi hiyo ya ubaoni itatumika dhidi yenu. Andika: “Uongozi unapendekeza kuunganisha…”, na umaanishe hivyo.

Sasa “watakaoathirika”. Neno hilo litawakosesha usingizi watu 18, ilhali nafasi zilizo hatarini ni nne: wakuu wawili na makarani wawili, wanaogombea nafasi mbili. Zitaje kwa vyeo, bila majina. Waliobaki 14 waambie wazi kwamba nafasi zao zinabaki na wanabadilishiwa msimamizi tu. Kama kati yao wapo watakaoongezewa majukumu, tuseme maofisa ununuzi watakaopanga pia viwango vya akiba, kifungu cha 15 kinataka maelezo yao ya kazi yarekebishwe kwa kushauriana nao na wapewe mabadiliko kwa maandishi.

Kwenye nani anaripoti kwa nani ndiko matangazo mengi hulegea. Mchoro wenye visanduku hautoshi. Kwa kila cheo andika anaripoti kwa nani leo, ataripoti kwa nani, nani ataidhinisha likizo yake na nani atamfanyia tathmini. Na hapa nina wasiwasi na muundo wenyewe. Leo anayeagiza mzigo na anayeupokea wana wakuu tofauti. Kesho watakuwa na mkuu mmoja. Lori likishusha katoni 480 na hati ya mapokezi ikasema 500, nje ya idara hiyo nani ataona? Pendekeza nakala ya kila hati ya mapokezi iende moja kwa moja kwa mhasibu, na hesabu ya mali ghalani isimamiwe na idara ya fedha. Liweke hilo ndani ya tangazo, maana linawalinda hata watunza ghala wenyewe.

Ratiba ninayoipendekeza ni hii. Jumatatu ya wiki ya kwanza, asubuhi, waite wale wanne mmoja mmoja na uwape barua. Siku hiyo hiyo peleka barua tawi la chama, kutana na idara zote mbili kwa pamoja, ndipo ubandike. Asiwepo mtu wa kusoma hatima yake ubaoni. Wiki ya pili ni kikao cha kwanza. Wiki ya tatu ni mwisho wa kupokea mapendekezo ya maandishi. Labda karani mmoja anataka kuhamia mauzo, au mkuu mmoja anakaribia kustaafu. Wiki ya nne uongozi ujibu kila pendekezo kwa maandishi, pamoja na sababu za kulikataa. Uamuzi utoke wiki ya tano. Msipokubaliana, suala linakwenda kwenye usuluhishi, kwa hiyo acheni nafasi ya siku 30 nyingine kabla ya utekelezaji.

Atakayepunguzwa, akiwa analipwa kwa mwezi, ana haki ya notisi isiyopungua siku 28. Kiinua mgongo chake kisheria hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 6 anapata mshahara wa siku 42. Hayo nayo yaandikwe kwenye barua za wale wanne.

Kwa hesabu hiyo, tarehe 1 ya mwezi ujao haiwezekani. Mwambie mkurugenzi wako hivyo leo, kabla ratiba haijachapwa.