Kimara au Kigamboni kwa nyumba ya kwanza ya kupangisha?

SWALI: Nina akiba ya kununua nyumba ndogo Dar es Salaam niipangishe. Nachagua kati ya Kimara na Kigamboni. Nilinganishe nini?

JIBU: Anza na miezi ambayo nyumba hukaa tupu, maana ndiyo inayokula faida. Tuseme nyumba moja ni ya 300,000 kwa mwezi lakini hukaa tupu miezi mitatu kwa mwaka: unapata 2,700,000. Ya 250,000 ikikaa tupu mwezi mmoja, unapata 2,750,000. Ile ya kodi ndogo imeshinda.

Kuujua ukweli, waendee madalali kama mpangaji. Uliza nyumba zipi ziko wazi leo, kisha rudi baada ya mwezi. Ukionyeshwa zilezile, mtaa huo una tatizo, au kodi imezidi.

Ndipo utafute sababu ya nyumba kujaa au kukaa tupu. Kimara ina mwendokasi hadi Kariakoo na Kivukoni, kwenye ajira za aina nyingi. Ila pima mwendo wa miguu toka nyumbani hadi kituoni, tena asubuhi ya mvua. Kigamboni, anayefanya kazi mjini hutegemea kivuko au daraja. Ukilenga wanafunzi wa chuo, tarajia vyumba kubaki wazi wakati wa likizo ndefu. Familia yenye mtoto shule ya karibu haihami ovyo, kwa hiyo mimi ningenunua nyumba ya vyumba viwili karibu na shule, hata kama kodi ni ndogo kidogo.