Asilimia nne si cheti: kusoma ripoti ya Turnitin kwa kazi ya Kiswahili

Tuchukue sura ya tasnifu ya uzamili kuhusu riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora. Mwanafunzi ameipitisha Turnitin, ripoti imerudi na rangi ya kijani, mfanano asilimia nne. Anaileta akiwa na furaha, na msimamizi mwenye shughuli nyingi anatia sahihi. Hapo ndipo ningemwomba msimamizi aweke kalamu chini kwanza. Kijani huanzia neno moja lililofanana hadi asilimia 24, na kwa kazi ya Kiswahili nambari ndogo inaweza kuwa na maana mbili zilizo mbali kabisa: mwanafunzi ameandika mwenyewe, au alikonakili hakumo katika hifadhi ya programu.

Programu haijui kilichoandikwa duniani. Inalinganisha kazi na makundi matatu tu: kurasa za mtandao ilizozipitia, majarida na vitabu vya wachapishaji iliokubaliana nao, na kazi za wanafunzi zilizowahi kuwasilishwa humo. Sasa jiulize maandishi ya uhakiki wa Kiswahili yako wapi. Mwanafunzi wetu ameeleza nadharia yake kwa kutegemea Uhakiki wa Fasihi cha K. W. Wamitila, kilichotolewa na Phoenix hapa Nairobi mwaka 2002, kitabu ambacho idara nyingi za Kiswahili nchini hukitumia. Wanafunzi wengi hukisoma kwenye karatasi, au kwenye fotokopi ya fotokopi. Hapa Westlands, East African Educational Publishers walikaa miaka mingi katika jengo la Brick Court, Mpaka Road, na vitabu vingi vya Kiswahili vilivyotoka mikononi mwao viliuzwa dukani, kwa karatasi. Gazeti la Baraza, lililoanza Nairobi mwaka 1939, utalifuata maktabani. Ukinakili aya nzima kutoka humo, usitarajie programu ikushtaki.

Hata chanzo kikiwa mtandaoni, huenda ni picha tu. Majarida mengi ya zamani yalipigwa skani ukurasa kwa ukurasa, na macho yako yanaona maneno ambayo kompyuta haiyaoni. Kujua ni rahisi: fungua faili ya PDF, bonyeza Ctrl+F, tafuta neno unaloliona mbele yako. Lisipopatikana, huenda programu nayo haikulisoma.

Tatizo la pili limo ndani ya sarufi yetu. Programu nyingi za aina hii hukata maandishi katika vipande vya maneno machache yanayofuatana, kisha hutafuta vipande vinavyolingana. Angalia sentensi hii: Kitabu chake cha kwanza kilichochapishwa Nairobi kilisifiwa. Mwanafunzi akiihamisha kwenye wingi tu, inakuwa: Vitabu vyake vya kwanza vilivyochapishwa Nairobi vilisifiwa. Kati ya maneno saba, matano yamebadilika, na yaliyobaki, kwanza na Nairobi, hayafuatani. Hakuna kipande hata cha maneno mawili kilichosalimika. Kwa Kiingereza, badiliko hilohilo lingegusa maneno mawili tu na sehemu kubwa ya sentensi ingebaki ilivyokuwa. Ukibadilisha pia wakati, anaandika ikawa huandika au ameandika, aya nzima inapita bila mwanafunzi kuwaza wazo jipya hata moja. Mwingine hafanyi hila yoyote. Anaandika tu kwa nafsi nyingine, na mfanano wa kweli unapotea vivyo hivyo.

Kwa hiyo ripoti ikisha kukupa asilimia yake, kazi ya mkono inaanza. Usikague sura nzima, hutaimaliza. Soma ukitafuta mahali sauti inapobadilika: aya yenye istilahi ambazo mwandishi hazitumii kwingine, jina na mwaka vilivyotajwa ndani ya aya lakini havimo kwenye marejeleo, au tahajia inayogeuka ghafla. Chagua aya tatu au nne za namna hiyo. Katika kila moja, chukua maneno mawili hadi manne yasiyobeba upatanisho mwingi wa ngeli, hasa istilahi na majina, uyatafute yakiwa ndani ya alama za kunukuu. Usitafute sentensi nzima, maana kiambishi kimoja kitakunyima jibu. Kwa tasnifu za Chuo Kikuu cha Nairobi ningeanza hivi:

```
"taswira ya mwanamke" "Siku Njema" site:erepository.uonbi.ac.ke
```

Kisha rudia bila sehemu ya `site:`, halafu ndani ya Google Books, ambako wakati mwingine utaona mistari michache ya kitabu kisichofunguka chote. Jaribu umoja na wingi. Maneno kama ng'ombe au ng'amua yatafute kwa alama zote mbili za ritifaa, iliyonyooka na iliyopinda, kwa sababu kwa baadhi ya programu hizo ni herufi mbili tofauti. Usipopata kitu, nenda kwenye rafu. Mwalimu anayeyajua maandishi ya fani yake huhitaji dakika chache tu na kitabu cha Wamitila.

Kwa lugha nyingine za hapa mambo ni magumu zaidi. Gĩkũyũ na Kikamba huandikwa kwa ĩ na ũ, lakini watu wengi wanapochapa huweka i na u tupu, na tayari neno limekuwa jingine machoni pa mashine. Fikiria pia Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka kwanza kwa Gĩkũyũ mwaka 1980. Anayetafsiri uhakiki wa riwaya hiyo kutoka Kiingereza na kuuandika kwa Kiswahili kama wake hataacha mfuatano wowote wa maneno wa kulinganisha. Hapo dalili ni muundo: hoja zilezile, kwa mpangilio uleule, zikitegemea kurasa zilezile za riwaya.

Kuna na upande wa pili, asilimia inayopanda bila kosa. Ukurasa wa ungamo, ule wa kusema tasnifu hii ni kazi yangu na haijawahi kutolewa katika chuo kikuu kingine, unafanana katika kila tasnifu. Uondoe kabla ya kuwasilisha. Beti za shairi zilizonukuliwa bila alama za kunukuu huweza kuhesabiwa kama maneno ya mwanafunzi. Ukiiagiza programu iache marejeleo, fungua ripoti uhakikishe imeyaacha kweli, kwani kichwa kilichoandikwa Marejeleo kinaweza kupitwa. Haki ni kusoma mistari iliyotiwa rangi, mmoja mmoja, kabla ya kumwita mwanafunzi.

Kati ya yale makundi matatu, kwa maoni yangu la kazi za wanafunzi ndilo lenye faida zaidi kwa Kiswahili, na idara zenyewe ndizo zinazolijaza. Rasimu ziwasilishwe kwa mpangilio wa `no repository`, la sivyo nakala ya mwisho huenda ikafanana na rasimu yake yenyewe na mwanafunzi akaitwa mwizi wa kazi yake. Nakala ya mwisho ihifadhiwe, ikiwa faili yenye maandishi, si skani.

Wasimamizi, nawaomba: chini ya asilimia mnayoiandika kwenye fomu, ongezeni mstari mmoja wa vitabu na hifadhi mlizozikagua kwa mkono. Bila mstari huo, asilimia nne ya kazi ya Kiswahili haijathibitisha kitu.