Majina yaliyojirudia kwenye orodha ya michango

Umenakili majina ya wachangiaji wa harusi kutoka kwenye ujumbe wa simu, ukayabandika Google Sheets kuanzia A2, na "Asha Juma" anaonekana mara mbili. Usiyapange kwa alfabeti ili kuwasaka waliojirudia, maana utapoteza mpangilio wa nani alitangulia kuahidi. Kwenye C2 andika:

```
=ARRAYFORMULA(UNIQUE(TRIM(SUBSTITUTE(A2:A200,CHAR(160)," "))))
```

UNIQUE hubakiza jina pale lilipotokea mara ya kwanza. TRIM hufuta nafasi za mwanzoni na mwishoni, na zilizorundikana katikati huacha moja tu. Lakini nafasi isiyokatika, ambayo huja mara nyingi na maandishi ya kunakili, TRIM haiigusi. Ndiyo maana SUBSTITUTE inaigeuza kwanza kuwa nafasi ya kawaida.

Ukishuku, andika `=LEN(A2)`. "Asha Juma" ina herufi 8 na nafasi 1, jumla 9. Ukiona 10, kuna kitu kimejificha.

Angalia sana hapa: kama wapo Asha Juma wawili kweli, fomula itamfuta mmoja. Ongeza namba ya simu kwenye safu B kando ya kila jina kabla ya kuanza, na kwenye fomula andika A2:B200 badala ya A2:A200.