Dondoo Muhimu: Barua ya ufadhili iliyopigwa picha

Mwanafunzi mmoja wa Kigoma alitumiwa picha ya barua ya ufadhili kwa Kifaransa, akaitafsiri kwa simu. Tafsiri ilisema amekubaliwa. Lakini kando ya kiasi cha posho palikuwa na kinyota. Alipoikuza picha, aliona chini kabisa mstari hafifu ambao simu iliuruka: athibitishe kabla ya 05/07.

- Omba picha mpya, karatasi ikiwa imenyooka kwenye mwanga. Maandishi ya chini yapigwe peke yake.
- Fuata kila kinyota hadi kwenye maelezo yake.
- Linganisha tarakimu za barua na za tafsiri. Zikipungua kwenye tafsiri, huenda kuna mstari uliorukwa.
- Kifaransa hutanguliza siku: 05/07 ni 5 Julai, na "kabla" maana yake jibu lifike kufikia tarehe 4.