SOMO: Shilingi ya mwaka ujao ni sawa na ngapi leo?



Tuseme kikundi kinataka kununua mashini ya kusaga unga. Pesa inatoka leo, mapato yanakuja pole pole. Kwa hivyo mapato ya miaka ijayo hupunguzwa kwanza, ndipo yalinganishwe na bei ya mashini. Tatizo ni kujua yapunguzwe kwa kiwango gani wakati riba iko juu na bei zinapanda.

Chukueni mfano huu. Mashini ni shilingi 60,000 za mkopo, riba ni asilimia 30 kwa mwaka, na bei za vitu zinapanda asilimia 20. Kwa bei za leo, ukishatoa dizeli, spea na mshahara, inabaki 30,000 kila mwaka kwa miaka mitatu.

Wengi hugawa 30,000 kwa 1.30 mara moja kwa mwaka wa kwanza, mara mbili kwa wa pili, mara tatu kwa wa tatu. Jumla ni kama 54,500, haifiki 60,000, basi wanaacha. Hapo wamechanganya. Riba ya asilimia 30 tayari imebeba kupanda kwa bei ndani yake, lakini yale mapato ya 30,000 hayajabeba.

Mapato yakiwa kwa bei za leo, toeni kupanda kwa bei kwenye riba pia: 1.30 gawa kwa 1.20 ni 1.083, yaani asilimia 8.3. Rudieni hesabu kwa 1.083 na jumla inakuwa karibu 76,850. Mashini inafaa. Mkitaka kutumia asilimia 30, pandisheni mapato kwanza: 36,000, kisha 43,200, kisha 51,840. Jibu ni lile lile.

Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, je, bei ya kusaga gorogoro moja itapanda kweli? Ikiwa mapato yatabaki 30,000 huku riba ni 30, basi ile hesabu ya 54,500 ndiyo ya kweli. Msidhani pia kwamba bei zitapanda vile vile miaka yote: Kenya zilipanda karibu asilimia 46 mwaka 1993, lakini mwaka 1995 hazikufika asilimia 5. Aliyefungwa na riba ya juu wakati huo, mzigo wake ulizidi.

Pili, kufaa si kuweza kulipa. Mwaka wa kwanza mnadaiwa riba 18,000 na sehemu ya mkopo 20,000, jumla 38,000, na mapato ni 36,000. Zile 2,000 ziwekwe akiba kabla ya kukopa.

Ya kujadiliana:
1. Miaka miwili iliyopita, bei ya kusaga kwenu imepanda mara ngapi?
2. Kama pesa ni ya kikundi wenyewe, wanachama wakikopeshana ingeleta riba gani? Hiyo ndiyo mtumie badala ya 30.