Kreatinini Imepanda, Figo Ni Nzima

Tuseme kijana wa miaka 30, mnyanyua vyuma mwenye kilo 98, amepimwa afya kabla ya kuanza kazi. Presha yake ni 120/75, hajavimba miguu, wala hana historia ya kisukari. Karatasi ya maabara inasema kreatinini ni 141 µmol/L, yaani 1.6 mg/dL. Mstari wa chini yake unasomeka: eGFR 59. Kwa kawaida, eGFR ikikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3, mtu huhesabiwa kuwa na ugonjwa sugu wa figo. Kijana anarudi nyumbani akiwaza kusafishwa damu.

Kabla ya kuogopa, ajue kwamba ile 59 haikupimwa bali imekokotolewa. Maabara imepima kreatinini tu, kisha kompyuta ikaiingiza kwenye fomula, mara nyingi ile iitwayo CKD-EPI ya mwaka 2021. Fomula hiyo huuliza mambo matatu: kreatinini, umri na jinsia. Haiulizi uzito, haiulizi ukubwa wa misuli, haiulizi mtu anakunywa nini baada ya mazoezi.

Kasoro inaanzia hapo. Kreatinini ni taka inayotokana na kreatini, akiba ya nishati ambayo karibu yote hukaa ndani ya misuli. Kila siku asilimia 1 hadi 2 ya akiba hiyo hugeuka yenyewe kuwa kreatinini, ikaingia kwenye damu, na figo zikaitoa kwa mkojo. Kwa hiyo kiwango cha damu kinaamuliwa na mambo mawili: kiasi kinachoingia na kiasi kinachotoka. Fomula inachukulia kwamba kinachoingia ni cha mtu wa kawaida wa umri na jinsia hiyo. Kikizidi kwa sababu ya misuli, yenyewe husoma kwamba kinachotoka kimepungua. Figo zinabebeshwa lawama ya misuli.

Sasa ongeza unga wa kreatini. Wanaoutumia hunywa gramu 3 hadi 5 kwa siku, na wengine huanza na gramu 20 kwa siku kwa muda wa wiki moja hivi ili misuli ijae haraka. Akiba ikiongezeka, taka nayo huongezeka. Unga peke yake kwa kawaida hupandisha kreatinini kidogo tu, lakini kwa mtu ambaye misuli imeshamfikisha mpakani, kidogo hicho chatosha kumvusha. Sahani kubwa ya nyama choma jioni ya kuamkia kipimo, pamoja na mazoezi mazito, navyo husukuma namba juu.

Njia nzuri ya kuumaliza ubishi ni kupima sistatini C. Hii ni protini inayotengenezwa na karibu seli zote za mwili na kuchujwa na figo, na misuli huiathiri kidogo sana. Kijana wetu akipata sistatini C ya 0.85 mg/L, fomula yake ya mwaka 2012 inatoa takriban 109. Mtu yuleyule, figo zilezile: 59 kwa kipimo kimoja, 109 kwa kingine. Hata hivyo, sistatini C nayo hupotoshwa na matatizo ya tezi ya shingo, dawa za steroidi kama prednisoloni, unene na uvutaji wa sigara, hivyo daktari ayaulize hayo.

Kipimo hiki hakipatikani kila maabara, na pale kilipo huenda bei yake ikawa kubwa. Kama hakipo, daktari anaweza kumwambia aache unga kwa wiki 4 hadi 6, muda ambao akiba ya misuli hurudi ilivyokuwa, kisha arudie kreatinini bila nyama iliyopikwa usiku uliotangulia na bila mazoezi mazito kwa siku mbili. Namba inaweza kushuka bila kufika kawaida, kwa sababu misuli bado ipo. Pamoja na hayo apimwe albumini kwenye mkojo. Mkojo usio na albumini wala damu, presha nzuri, na kreatinini isiyopanda kutoka kipimo hadi kipimo huelekeza kwenye misuli.

Lakini misuli isiwe kisingizio. Sindano za homoni za kujenga mwili zinaweza kuharibu figo kweli, na wapo wanaozichanganya na kreatini wakazificha kwa daktari. Diklofenaki na ibuprofeni za kila siku kwa maumivu ya mgongo nazo ni hatari. Mkojo wenye povu lisiloisha, uvimbe wa miguu, au presha ya juu kwa kijana havielezwi na unga wa kreatini. Hapo uchunguzi uendelee hadi chanzo kijulikane.

Ukienda kutolewa damu, mwambie daktari unanyanyua vyuma, unakunywa unga gani na kiasi gani, na sindano kama zipo. Karatasi ya maabara haina mahali pa kuyaandika hayo, na asipoyasikia kutoka kwako hatayajua.