Herufi Moja Tu Yaweza Kukukosesha Mahojiano: Jinsi ya Kuchagua na Kuandika Anwani ya Barua Pepe

Nafasi za kazi, zabuni na basari zinapotangazwa, fomu nyingi siku hizi huwa na kisanduku cha anwani ya barua pepe. Mwombaji hukijaza kwa sekunde chache, kisha hutumia muda wake mwingi kwenye vyeti na wasifukazi. Lakini mwaliko wa mahojiano hupitia kwenye kisanduku hicho. Katika somo hili tunaeleza jinsi ya kuchagua anwani isiyokosewa kirahisi, na jinsi ya kuhakikisha kwamba ile uliyoiandika ndiyo yako kweli.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanajuma Charo Kazungu ni muuguzi anayetafuta kazi. Alipokuwa kidato cha nne alifunguliwa anwani na rafiki yake, na sehemu ya kwanza ya anwani hiyo ni `sweetymwana_001`. Ameitumia miaka yote na haijawahi kumletea shida, kwa sababu rafiki zake wameihifadhi kwenye simu. Sasa anaijaza kwa kalamu kwenye fomu ya karatasi, juu ya mstari uliochapishwa.

Hapo matatizo yanaanza. Alama ya `_` imeangukia juu ya mstari wa fomu na haionekani tena. Sufuri mbili zinafanana na herufi `o`, na moja inafanana na herufi `l`. Karani anayenakili majina ya waombaji kwenye kompyuta anaandika kile anachokiona: `sweetymwanaool`. Hakufanya uzembe wowote. Anwani yenyewe ndiyo haisomeki. Mwaliko unatumwa, na Mwanajuma haupati.

Makosa ni ya aina mbili

Anwani ina sehemu mbili zinazotenganishwa na alama ya `@`. Sehemu ya kushoto ni jina la mwenye sanduku, na ya kulia ni jina la kampuni inayolihifadhi sanduku hilo, kwa mfano `gmail.com`. Ukikosea upande wowote, moja kati ya mambo mawili hutokea.

La kwanza ni barua kurudi. Ukiandika `gmail.con` badala ya `gmail.com`, hakuna mahali pa namna hiyo kwenye intaneti, kwa hiyo aliyeituma hupata ujumbe wa kwamba barua haikufika. Ujumbe huo mara nyingi huonyesha `Mail Delivery Subsystem` au `Address not found`. Lakini hebu fikiria ni nani anayeupokea. Si wewe uliyekosea, bali ni ofisi iliyokutumia mwaliko. Ofisi ikiwa na mamia ya waombaji, huenda asiwepo mtu wa kukutafuta kwa simu.

La pili ni baya zaidi, nalo ni barua kufika kwa mtu mwingine. Chukua `ymail.com`. Inatofautiana na `gmail.com` kwa herufi moja, lakini ni huduma halisi ya Yahoo yenye wateja wake. Vivyo hivyo, `yahoo.com` na `yahoo.co.uk` ni masanduku mawili tofauti, hata kama upande wa kushoto unafanana. Barua ikiingia kwenye sanduku la mgeni, hakuna kinachorudi. Ofisi inaamini umeupata mwaliko, wewe unaamini hukuchaguliwa, na aliyeupokea anaufuta kwa kudhani ni matapeli. Ikiwa barua hiyo ina nambari yako ya kitambulisho au PIN ya KRA, sasa imo mikononi mwa mtu usiyemjua.

Kuchagua anwani mpya

Mwanajuma anaamua kufungua anwani nyingine kwa ajili ya maombi peke yake. Anajaribu majina yake mawili, `mwanajumakazungu`, na Gmail inamwambia jina hilo limeshachukuliwa. Anajaribu kutia nukta, `mwanajuma.kazungu`, na anapata jibu lilelile. Sababu ni kwamba Gmail haihesabu nukta zilizo upande wa kushoto. Kwake majina hayo mawili ni sanduku moja. Herufi kubwa na ndogo pia haizitofautishi, kwa hiyo simu ikiikuza herufi ya kwanza hakuna hasara. Kumbuka tu kwamba si kampuni zote zinazofanya hivyo kwa nukta. Kwa Outlook, kwa mfano, nukta ni sehemu ya jina, na ukiiacha barua haitakufikia.

Gmail inampendekezea nambari mwishoni, tuseme `mwanajumakazungu47`. Inavutia kwa kuwa ni rahisi, lakini ina mtego. Tayari tunajua kwamba `mwanajumakazungu` ni sanduku la mtu mwingine. Mtu yeyote akiisahau hiyo 47, barua haitarudi. Itaingia moja kwa moja kwa yule mwenye jina. Nambari ya mwaka wa kuzaliwa ina shida hiyohiyo, na zaidi ya hapo inatangaza umri wako kabla hujaulizwa. Nambari ya kitambulisho isitumike kabisa.

Njia iliyo bora ni kuongeza jina la tatu. Mwanajuma anachukua `mwanajuma.charo.kazungu`. Nukta zinamsaidia msomaji kuona majina matatu, na kwa kuwa ni Gmail, hata zikisahaulika barua itafika. Hakuna mstari wa chini, hakuna sufuri, hakuna moja. Majina yanafuatana kama yalivyo kwenye kitambulisho chake, hivyo karani anayenakili anaweza kulinganisha anwani na jina lililo kwenye fomu na kuligundua kosa mwenyewe. Kama jina lako huandikwa kwa njia nyingi, kama vile Mohamed, Mohammed na Muhammad, tumia tahajia ya kitambulisho, maana ndiyo itakayokuwa mbele ya anayeandika.

Jambo moja zaidi: anwani ya kazini au chuoni haifai kwa maombi. Ukiondoka pale, inaweza kufungwa, na majibu yaliyo njiani yakapotea.

Sanduku liwe lako kweli

Wengi wetu hufunguliwa anwani saiba. Mhudumu mwenye haraka huweza kuweka nambari yake ya simu, au akatumia anwani yake mwenyewe kwenye fomu yako ili kazi iishe upesi. Matokeo yake ni kwamba majibu yako yanafika kwake, na siku ukisahau nywila, nambari ya kuifungua akaunti inatumwa kwenye simu yake. Kabla hujalipa na kuondoka, hakikisha mambo mawili: kwamba nambari ya simu iliyosajiliwa ni yako, na kwamba unaweza kulifungua sanduku hilo kwenye simu yako mwenyewe. Pia toka kwenye akaunti yako kwenye kompyuta ya saiba, la sivyo anayekufuata ataliona sanduku lako.

Kuwa mwangalifu na kompyuta inayotumiwa na wengi. Ukiandika herufi mbili tatu, hukumalizia kwa anwani ya mtu aliyekutangulia. Ukibonyeza bila kusoma, fomu yako itakuwa na jina lako na sanduku la mwingine.

Na usiliache sanduku bila kulifungua. Akaunti ya Google isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na kila kilichomo.

Kuandika bila kukosea

Kwenye karatasi, andika herufi moja moja, zikiwa zimetengana, na uiinue kalamu juu ya mstari uliochapishwa. Usianze na `www.`. Hiyo ni ya tovuti, na ukiitia mbele ya jina lako unatengeneza anwani ya mtu mwingine.

Kwenye simu, angalia nafasi tupu. Baadhi ya simu hutia nafasi baada ya nukta, na `mwanajuma. charo` si anwani. Fomu ikikutaka uandike anwani mara mbili, iandike mara ya pili kwa mkono, herufi kwa herufi. Kisanduku cha pili kimewekwa ili kulinasa kosa. Ukinakili kutoka kile cha kwanza, unalinakili na kosa lake.

Ukitajiwa au ukitaja anwani kwa simu, herufi `m` na `n`, au `b`, `p` na `v`, hukanganya masikioni. Zitaje kwa miji: M ya Mombasa, N ya Nairobi, B ya Busia, V ya Voi. Kisha mwombe aliye upande wa pili akusomee alichoandika.

Wako wanaosema, "Mimi nilituma maombi kwa barua pepe, kwa hiyo anwani yangu wanayo." Ni kweli kwamba ofisa akibonyeza `Reply`, jibu litarudi kwenye sanduku ulilotumia. Lakini mialiko ya watu wengi kwa kawaida hutumwa kwa orodha, na orodha hutengenezwa kwa kunakili kutoka kwenye fomu au wasifukazi. Ikiwa wasifukazi wako bado una anwani ya zamani, hiyo ndiyo itakayonakiliwa. Anwani iwe ileile kwenye barua, fomu na wasifukazi.

Jaribio la dakika tano

Kabla ya kuwasilisha, chapisha wasifukazi wako au ufungue kwenye skrini, umpe ndugu au jirani. Usimtajie anwani. Mwambie aisome mwenyewe, aiandike kwenye simu yake na akutumie neno moja. Ikifika, anwani ni sahihi na inasomeka. Isipofika kwako na ujumbe wa kukataliwa ukirudi kwake, kuna kosa na mtaliona. Isipofika na wala hakuna kilichorudi, tazama kwanza kwenye `Spam`. Kama haimo, simama hapo: anwani hiyo huenda ni ya mtu mwingine.

Ujumbe ukifika, mjibu, kisha mwulize ameona jina gani. Jina linaloonekana kwa anayepokea ni tofauti na anwani, na huenda bado linasema jina la utani ulilojipa miaka mingi iliyopita. Kwenye akaunti ya Google hubadilishwa kwenye `Personal info`.

Kama umeshakosea

Usitume maombi mapya, kwani yanaweza kuhesabiwa kama maombi mawili. Kama ni tovuti, ingia kwenye akaunti yako na uirekebishe anwani. Kama ni karatasi, iandikie ofisi husika mapema, ukitaja jina lako kamili, nambari ya tangazo la nafasi, anwani uliyoikosea na anwani sahihi. Piga simu pia uthibitishe kwamba marekebisho yamepokelewa. Baada ya hapo, fungua sanduku lako kila siku, ukianzia na `Spam`, hadi tarehe ya mahojiano ipite.